Foleni ya kichongeo

Darasa langu la tatu lina watoto 68 na kichongeo kimoja cha penseli cha kutegemewa, kile cha mezani kwangu. Mwaka jana ugomvi mwingi darasani ulianzia hapo. Mtoto anasukumwa, daftari linachanika, mwingine anakuja analia: "Madam, huyu kanipita!" Nami nilikuwa na jibu langu la siku zote: "Kaeni, nitawachongea baadaye."

Ilinichukua muda kuona nilichokuwa nikiwafundisha. Waliotii walikaa. Kengele ikalia, hakuna aliyewachongea, wakaandika imla kwa penseli butu. Waliosukumana walikuwa wameshachonga. Hesabu hiyo mtoto wa miaka tisa anaipiga haraka kuliko mimi: subira hapa hailipi.

Tunapenda kusema mtoto fulani hana nidhamu, kama vile kujizuia ni kitu anachotoka nacho nyumbani. Mimi naamini sehemu kubwa ya kujizuia kwa mtoto iko kwetu tunaomwambia asubiri.

Lipo jaribio maarufu la mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford: mtoto anawekewa peremende laini moja, akivumilia asiile mpaka mtu mzima arudi, anapewa ya pili. Wengi walilichukua kama kipimo cha tabia ya mtoto. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio lenye hatua moja zaidi mwanzoni. Watoto 28 waliahidiwa kwanza vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine, mtu mzima alirudi mikono mitupu akaomba radhi. Kisha ahadi nyingine, ya stika, nayo ikaenda vivyo hivyo. Ndipo ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3. Katika kundi la kwanza watoto 9 kati ya 14 walimaliza dakika zote 15; katika la pili, mmoja tu.

Kinachonigusa zaidi ni ile radhi. Mtu mzima aliomba radhi kwa adabu, na watoto bado hawakusubiri. Sisi walimu tunadhani "samahani wanangu, leo muda umekwisha" inatosha. Mtoto anaangalia kama alichokikosa jana atakipata leo.

Basi nilianza na kona ya ubao. Anayehitaji kichongeo anaandika jina lake pale, anarudi kukaa, namwita kwa mpangilio. Kengele ikilia kabla ya majina kuisha, yanayobaki hayafutwi, na kesho yake naanza nayo kabla sijaita mahudhurio. Wiki ya kwanza hawakuniamini. Waliandika jina kisha wakabaki wamesimama mezani, wakilinda nafasi zao kwa viwiko. Wiki ya tatu wengi walikuwa wakiandika na kwenda kukaa.

Halafu siku moja nilikuwa na ruhusa, na mwenzangu aliyeshika darasa akafuta ubao wote. Kesho yake viwiko vilirudi. Wale wale watoto, wazazi wale wale, ila ahadi imevunjika. Nilikaa nao tukayakumbuka majina mmoja mmoja, nikaanza na ya juzi, na tangu hapo orodha nainakili kwenye daftari langu pia.

Sisemi kona ya ubao inamaliza kila kitu. Kuna mvulana aliyekuwa akija bila kula chochote, naye kufikia saa nne alikuwa akimpiga yeyote anayemgusa. Kwake orodha haikusaidia kitu. Alitulia siku alizopata uji. Na mtoto akiwa bado anatetemeka kwa hasira, simuulizi "mwenzako anajisikiaje?" Namkalisha karibu na mlango, anywe maji, nimrudie baadaye. Wala simlazimishi kuomba msamaha papo hapo, maana hapo anajifunza neno tu.

Ila kuhusu kuwajali wenzao nimeona jambo nisilolitarajia. Zamani nilihubiri sana: mpishe mwenzako, muonee huruma. Hawakupisha, na sasa naelewa. Mtoto asiye na hakika kwamba zamu yake itafika hawezi kuigawa.

Mwezi uliopita tulikuwa na jaribio la hesabu. Jina la msichana mmoja lilikuwa linafuata. Nyuma yake alisimama mvulana ambaye penseli yake ilikuwa imevunjika ncha yote, machozi yanamlenga. Nilimwita msichana. Akaitazama ile penseli, akasogea pembeni.

"Aanze yeye, Madam. Mimi jina langu lipo ubaoni."