"Kipo sawa kabisa"

Nimepanda boda kutoka Kansanga hadi Ntinda kufuata kiti cha gari cha mtoto. Tangazo lilisema: "Miaka 0 hadi 4, kipo sawa kabisa." Picha moja tu, tena ya mbele.

Nikakigeuza. Ile stika ya chungwa ya ECE R44, kiwango cha usalama wa viti vya watoto, iliyo nyuma imeandikwa 0–13 kg. Binti yangu ana mwaka mmoja na nusu na kilo kumi na mbili! Miezi michache tu kitakuwa hakimtoshi tena, hiyo miaka minne ingetoka wapi?

Halafu mkanda wa katikati ya miguu haupo. Namuuliza dada mwenye kiti, ananijibu, "Aa, ule ulikatika, lakini mingine inashika." Inashika nini, dada yangu? Ile ya mabegani inachomekwa kwenye kifungio cha huo huo mkanda! Bila huo, mtoto hana kilichomfunga.

Sikatai mitumba, hata kigari chetu cha kusukuma ni cha mitumba, na aliyetuuzia alisema mapema kwamba kukikunja lazima usukume kitufe kwa goti. Huyu angepiga picha ya stika tu, ningebaki na nauli yangu.