Mkataba wa wafanyakazi wahamiaji: Kenya isisubiri Saudia

Tuseme mama wa Kilifi amekwenda Riyadh kufanya kazi za ndani. Kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, anamnyang'anya pasipoti, mshahara unapigwa danadana, na baada ya miezi anatoroka nyumba ile na kuanza vibarua vya kufua na kusafisha. Ikama, kibali chake cha kuishi huko, inakwisha, hana wa kuihuisha. Katika maisha hayo anazaa mtoto. Kuandikisha mtoto Saudia kunahitaji cheti cha ndoa, naye hana, tena anaogopa hata kwenda hospitali kwa sababu kuzaa nje ya ndoa huko ni jinai. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hapati hati ya kusafiria, na hakuna mama atakayepanda ndege amwache mwanawe nyuma. Visa vya aina hii vimeandikwa tena na tena, na kila mara mjadala huishia kwenye ukatili wa waajiri. Ukatili upo. Ila mimi nataka tuitazame Nairobi.

Upo mkataba wa Umoja wa Mataifa unaowahusu watu hawa moja kwa moja: Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Haki za Wafanyakazi Wahamiaji Wote na Familia Zao. Ulipitishwa na Baraza Kuu tarehe 18 Desemba 1990, lakini ulikaa zaidi ya miaka 12 kabla ya kupata nchi 20 za kuuridhia, ukaanza kufanya kazi Julai 2003. Mpaka leo nchi zilizouridhia ni karibu 60 tu, chache mno ukilinganisha na mkataba wa haki za mtoto, ambao umeridhiwa karibu na dunia nzima. Uganda imo tangu 1995 na Rwanda tangu 2008. Kenya na Tanzania hazimo. Nchi za Ghuba hakuna hata moja.

Mrudie mama wetu sasa. Neno "wote" katika jina la mkataba ndilo linalomgusa, kwa sababu haki za msingi humu hazimwangalii mtu kama ana kibali au hana. Ibara ya 21 inamkataza mtu yeyote, isipokuwa ofisa aliyeruhusiwa na sheria, kutwaa au kuharibu pasipoti ya mfanyakazi. Ibara ya 25 inasema mwajiri hawezi kukwepa deni la mshahara kwa kisingizio kwamba mfanyakazi hana karatasi. Hata akifukuzwa nchini, ibara ya 22 inataka apewe nafasi ya kudai ujira wake, kabla au baada ya kuondoka. Na ibara ya 29, fupi kuliko zote hizo, inampa kila mtoto wa mfanyakazi mhamiaji haki ya jina, ya kuandikishwa alipozaliwa, na ya uraia.

Kwa nini Saudia haisaini, si kitendawili. Kwa miaka mingi mfumo wa kafala, huo wa kudhaminiwa na kafili, umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na ibara ya 20 inakataza kumfukuza mtu nchini kwa sababu tu amevunja mkataba wa kazi, ila pale ambapo sharti hilo ndilo msingi wa kibali chenyewe. Kuikubali ni kukubali kulegeza kamba yote. Ulaya ndiyo inayonisikitisha zaidi. Italia, Uhispania, Uswidi na wenzao walikaa mezani miaka ya 1980 na kuandika sehemu kubwa ya maneno ya mkataba huu, kisha hakuna hata mmoja wao aliyeuridhia. Husema kwamba sheria zao zinatosha, au kwamba mkataba utafungua mipaka. Hilo la mipaka si kweli. Ibara ya 79 inaiachia kila nchi haki ya kuamua nani aingie, ibara ya 35 inasema wazi kwamba haki hizi hazimhalalishi asiye na kibali, na hata ibara ya 44, ya kuunganisha familia, inaziachia serikali zichukue hatua "zinazoona zinafaa". Wanachokataa hasa ni kwamba ibara ya 88 hairuhusu nchi kuridhia kisha ikaliacha kundi fulani nje. Huwezi kumchukua mhandisi mwenye kibali ukamwacha kibarua asiye nacho.

Lakini Kenya inapeleka watu nje, basi inaogopa nini? Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba tukiuridhia tutapoteza soko. Mawakala watakwenda kuchukua watu kwingine. Lakini Ufilipino iliuridhia mwaka 1995 na Bangladesh 2011, na zote mbili bado zinapeleka Ghuba watu wengi. Hoja ya pili haisemwi kwa sauti: mkataba unaibana nchi pande zote mbili. Mtoto wa kijana wa Burundi anayechuuza njugu Nairobi angekuwa na haki ya kukaa darasani hata kama baba yake hana kibali, kwa ibara ya 30, na baba mwenyewe angekuwa na haki ya matibabu ya dharura kwa ibara ya 28. Sioni kwa nini hilo litutishe. Kenya ilishakubali mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu wahamiaji, namba 97 mwaka 1965 na namba 143 mwaka 1979, kwa hiyo haiwezi kusema kwamba jambo hili ni geni kwake.

Nadhani sababu kubwa ni nyepesi kuliko hizo, na inauma zaidi. Hakuna anayeusukuma. Suala hili linagusa Wizara ya Kazi, Mambo ya Nje na Mambo ya Ndani, na kila moja inaweza kungoja nyingine. Wanaoumia wako mbali na mbunge wao, wengi ni wanawake wa kazi za ndani, na familia zao zinaomba msaada kesi moja moja, huyu anatafuta maiti, yule anatafuta nauli.

Kuridhia peke yake hakumwokoi mtu, na Uganda ni ushahidi. Ripoti yake ya kwanza kwa kamati ya mkataba ilitakiwa ifike mwaka 2004. Ilijadiliwa Geneva mwaka 2015. Wala Kenya ikisaini leo, Riyadh haitafungwa na sahihi hiyo. Kitakachofungwa ni mambo yaliyo mikononi mwetu. Mkataba unamhesabu mtu kuwa mfanyakazi mhamiaji tangu anapokaribia kuajiriwa, kwa hiyo wakala wa Mombasa anayempa karatasi ya Kiarabu aisaini bila kuielewa tayari yumo ndani yake. Ibara ya 33 inaidai nchi anakotoka mtu, pamoja na nchi anakokwenda, imweleze haki zake bure, kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 65 inadai huduma za ubalozi zinazotosha. Na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 2(6), inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya, yaani mama yule au nduguye angeweza kuupeleka mahakamani hapa hapa.

Yule mtoto wa Riyadh ni Mkenya tayari. Ibara ya 14 ya Katiba inampa uraia kwa kuwa mama yake ni Mkenya, popote alipozaliwa. Kinachokosekana ni ofisa wa ubalozi mwenye amri na bajeti ya kumthibitisha na kumpa hati ya safari bila kudai cheti cha ndoa. Sheria ya mikataba ya 2012 inataka wizara husika ipeleke waraka kwa Baraza la Mawaziri, ukiwa na gharama za utekelezaji, kisha Bunge la Taifa liuamue. Wizara ya Kazi iuandike waraka huo, na gharama ya kuwaandikisha watoto hawa iwe kwenye ukurasa wa kwanza.