Ruhusa ya mtihani, ruhusa ya mgonjwa, na swali la nani atashika kazi

"Nimeomba siku kumi kwa ajili ya mtihani wa bodi ya wahasibu. Meneja anasema nilete kwanza mpango wa nani atashika kazi zangu. Kwa nini nimfanyie kazi yake? Likizo si haki yangu?"

Wengi watakaosoma maneno haya watamwonea huruma mwandishi wake, na hoja inayomtetea ina uzito. Kupanga watu ni kazi ya meneja, na ndiyo sababu moja ya mshahara wake kuwa mkubwa zaidi. Mfanyakazi hana mamlaka ya kumpa mwenzake kazi. Akilazimika kutafuta mtu wa kukaimu, ataomba fadhila na kubaki na deni la fadhila, na mwenzake akikataa atakuwa amenyimwa ruhusa na mtu wa cheo kilekile. Tena zipo ofisi ambazo sharti la mpango hugeuka ukuta, kwa kuwa kila mpango unaoletwa hukutwa na kasoro mpya hadi tarehe ya mtihani inapita. Anayekataa sharti hilo kwa sababu hizi hakatai kwa uvivu.

Hata hivyo, upande wa pili haupewi nafasi yake katika mjadala huu, na chanzo ni neno haki kutumika kwa likizo zote kana kwamba ni za aina moja. Kwa Tanzania bara, katika sekta binafsi, kinachotawala ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Watumishi wa umma wana taratibu zao za ruhusa ya masomo, na sitawagusa hapa. Sheria hiyo inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, inampa mama siku 84 za uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inaweka likizo ya ugonjwa wake mwenyewe. Likizo ya masomo haimo. Kuhusu siku 28 zenyewe, mwenye kauli ya kupanga lini zichukuliwe ni mwajiri, mradi zisichelewe zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko wa mwaka kuisha, au miezi kumi na miwili endapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanadai hivyo. Kwa hiyo muulizaji ana haki ya siku zake. Haki ya kuzichukua wiki ya mtihani ni ya kujadiliana.

Kwa upande wa familia mambo ni mazito zaidi, na hapa ndipo ninapoona watu hushtuka wakielezwa. Sheria inatoa siku nne zenye malipo pale mtoto wa mfanyakazi anapougua au kufariki, au anapofariki mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo si nne kwa kila tukio. Ni nne kwa mzunguko wa miezi 36, yaani miaka mitatu, bila kujali matukio yatakuwa mangapi. Anayefanya kazi Dar es Salaam akafiwa na bibi kijijini karibu na Bukoba, siku mbili zinaweza kwisha barabarani, kwenda na kurudi, kabla hajakaa matanga hata usiku mmoja. Akizimaliza zote katika msiba huo, kisha mwaka unaofuata akafiwa na kaka yake, siku za kumzika kaka ni za ziada: hazina malipo, na hazipatikani mwajiri asipoziidhinisha. Isome pia orodha yenyewe upya kwa makini. Kuugua kwa mtoto kumo. Kuugua kwa mama, kwa baba au kwa mke hakumo kabisa. Mama akilazwa Bugando wiki mbili na mwenye kumuuguza ni binti yake pekee, sheria haimpi binti huyo hata siku moja kwa sababu hiyo. Anazo siku zake za mwaka kama zimebaki, na anayo hiari ya bosi wake.

Mambo mawili makubwa yanayowatoa watu kazini bila wao kuugua, masomo na mgonjwa wa nyumbani, yako basi karibu yote mikononi mwa anayeombwa. Anayemshauri mfanyakazi akatae kuleta mpango kwa sababu likizo ni haki anamvua kitu pekee alicho nacho mezani. Meneja asiye na mpango mbele yake haoni siku kumi. Anaona kazi zote za mtu huyo zikianguka kwa pamoja, na mtu akiona hivyo hukataa. Simwoni kuwa mkatili kwa hilo. Katika idara ya watu watatu, mara nyingi hajui kwa undani mwombaji hufanya nini siku hadi siku, na pengine hana namna nyingine ya kujua.

Tuchukue mfano wa kubuni, mhasibu msaidizi wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi Mwanza. Idara ina mhasibu mkuu, yeye, na keshia. Anajiandaa kwa mitihani ya Novemba ya NBAA, yaani bodi ya wahasibu. Tuseme ratiba yake imeangukia wiki ya kwanza ya Novemba, naye anaomba kuanzia Ijumaa ya tarehe 30 Oktoba hadi Jumapili ya tarehe 8. Siku hizo kumi zikikatwa kwenye 28, zinabaki 18, kwa kuwa likizo ya mwaka huhesabiwa mfululizo pamoja na Jumamosi na Jumapili. Wakati huohuo kodi ya mishahara ya Oktoba inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 Novemba, ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ifikapo tarehe 20, wauzaji hulipwa kila Alhamisi, na usuluhishi wa benki wa mwezi uliopita, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, hufanywa mwanzoni mwa mwezi.

Barua nyingi za namna hii huwa na sentensi moja: keshia atashika kazi zangu. Meneja makini atairudisha barua hiyo, na atakuwa sahihi. Keshia anapokea fedha. Akipewa pia kuingiza mapato kwenye vitabu na kusuluhisha akaunti ya benki, mtu mmoja atakuwa anashika fedha, anaziandika na anajikagua, na kasoro ikitokea hakuna jicho la pili la kuigundua. Mpango umejaza kiti na umevunja udhibiti. Mkaguzi wa hesabu akipita mwezi Januari, ataziuliza siku hizo kumi kabla ya nyingine zote.

Mpango unaokubalika huanza kwa kuzichambua kazi kabla ya kuwataja watu. Usuluhishi wa benki unaweza kungoja hadi tarehe 9, nao usiguswe na mtu. Ritani ya tarehe 20 nayo inangoja, kwani atarudi zikiwa zimebaki siku za kutosha, ila risiti za mashine ya EFD na ankara za manunuzi zipangwe na keshia kila jioni katika jalada moja. Zikiachwa zitawanyike, siku hizo zilizobaki zitaishia kutafuta karatasi. Kodi ya mishahara haingoji. Mishahara hufungwa tarehe 25, kwa hiyo hesabu yake aiandae na ikaguliwe kabla hajaondoka, kisha mhasibu mkuu aiwasilishe na kuilipa kwa akaunti yake mwenyewe ya mfumo. Neno la siri na tokeni ya benki haviazimwi, hata kwa siku moja, kwa sababu kitakachofanyika kitaandikwa kwa jina la mtu aliyeko kwenye chumba cha mtihani.

Inabaki Alhamisi ya tarehe 5, na hapo ndipo pagumu. Kwa kawaida msaidizi huandaa hati za malipo na mhasibu mkuu huidhinisha. Msaidizi asipokuwepo, mkuu ataandaa na kuidhinisha mwenyewe, na udhibiti umevunjika tena. Njia ni mbili: malipo yanayoweza kutangulizwa yalipwe Alhamisi ya tarehe 29, na yale yasiyokwepeka ya tarehe 5 yaandaliwe na mhasibu mkuu lakini yaidhinishwe na mkurugenzi. Muuzaji akileta namba mpya ya akaunti katika siku hizo, asilipwe kwayo hadi apigiwe simu kwa namba iliyoko tayari kwenye faili.

Ukiupima mpango huu, utaona keshia hakuongezewa kitu isipokuwa kupanga risiti, na mkurugenzi ameombwa saini za siku moja. Mzigo uliotisha umekuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa, na aliyeweza kuupunguza ni mwenye kazi peke yake. Hiyo ndiyo sababu naona meneja anayeuomba mpango hamtupii mwombaji kazi yake. Anaomba maarifa ambayo hana.

Mpango huo ujaribiwe pia. Nusu siku inatosha, wiki moja kabla ya kuondoka, anayepokea akifanya kazi na mwenyewe akitazama bila kushika kitu. Hapo ndipo hujulikana kwamba makubaliano ya punguzo na wauzaji yako kwenye kompyuta ya mtu mmoja, au kwamba jalada la ankara liko kwenye droo iliyofungwa. Makabidhiano ya mdomo hayayaoni haya. Huonekana simu zinapoanza kuita usiku wa kuamkia mtihani.

Lakini mpaka uwepo, na hapa nakubaliana na wanaolalamika. Mwombaji apendekeze, meneja ndiye aagize. Jina la mwenzake liingie kwenye barua baada ya kuongea naye, ila maelekezo rasmi ya kukaimu yatoke kwa meneja, yakisema pia ni kazi gani ya huyo mwenzake itasimama kwa siku hizo. Na pale sheria imekwisha kutoa siku, mpango usiwe sharti. Mama mjamzito anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na muda huo unamtosha meneja kujipanga mwenyewe. Aliyefiwa na mzazi anaweza kudaiwa uthibitisho wa msiba. Kumdai orodha ya makabidhiano akiwa njiani kwenda kuzika ni kumkosea, na kumkata siku za mwaka badala ya zile nne ni kuvunja sheria, ambayo inakataza likizo ya mwaka kutumika badala ya likizo nyingine anayostahili.

Muulizaji wetu apeleke barua yake mapema, anapojisajili kwa mtihani na si ratiba inapotoka, ikiwa na tarehe, mgawanyo wa kazi, na siku ya majaribio ya makabidhiano. Aombe jibu la maandishi kabla ya tarehe atakayoitaja. Meneja akikataa, aandike ni kazi ipi kati ya zilizotajwa anayoona haijapata mtu, ili hiyo moja irekebishwe na barua irudi mezani kwake bila kuanza upya.