Pembemraba haiji yenyewe kila mara

"Vekta za aigeni za matriksi linganifu ziko pembemraba." Sentensi hii iliniponza kwenye mtihani, na kwa maoni yangu ni nusu ya ukweli.

Nusu iliyo kweli ni tamu. Matriksi A ya namba halisi ni linganifu ikiwa safumlalo zake ukizifanya safuwima hapabadiliki kitu. Kwa hiyo kwenye zao la nukta unaweza kuihamisha A upande wa pili: (Ax)·y = x·(Ay). Sasa tuseme x na y ni vekta za aigeni zenye thamani λ na μ, yaani Ax = λx na Ay = μy. Kushoto tunapata λ(x·y), kulia μ(x·y), yaani (λ − μ)(x·y) = 0. Thamani mbili zikitofautiana, x·y lazima iwe sifuri, yaani x na y ziko pembemraba. Basi, uthibitisho umekwisha.

Lakini zikilingana je? Hapo ndipo nilipoanguka. Tazama:

```
A = 2 1 1
    1 2 1
    1 1 2
```

Thamani zake za aigeni ni 4, 1 na 1. Ya 4 inatoa (1,1,1). Kwa 1, vekta yoyote ambayo namba zake tatu zikijumlishwa zinatoa sifuri inafaa, nami nikachukua zilizo karibu: (1,−1,0) na (1,0,−1). Zote mbili ziko pembemraba na (1,1,1), ila zenyewe kwa zenyewe zao lao ni 1, si sifuri. Dawa ni kuondoa kwenye ya pili nusu ya ile ya kwanza. Inabaki (½,½,−1), au tuseme (1,1,−2). Ukigawa kila vekta kwa urefu wake, √3, √2 na √6, na kuzipanga kama safuwima za Q, unapata A = QDQᵀ, ambapo D ina 4, 1, 1 kwenye ulalo na sifuri kwingine kote.

Lakini nani katuhakikishia kwamba vekta zitatosha? Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha nadharia ya spektra, na ndicho kinachorukwa darasani. Matriksi linganifu ya namba halisi haikosi vekta moja halisi ya aigeni, v. Chukua w yoyote iliyo pembemraba na v: (Aw)·v = w·(Av) = λ(w·v) = 0. Kumbe Aw nayo inabaki pembemraba na v. A haiwezi kuitoa w nje ya eneo hilo, kwa hiyo unaingia humo, unatafuta vekta nyingine, na kuendelea hivyo mpaka nafasi iishe.

Kabla ya kukabidhi jibu, zidisha QᵀQ. Mimi ningefanya hivyo, ningeona ½ imekaa mahali pa sifuri.