Paa haling'oki penye skrubu pekee

Tazama mabati yaliyong'olewa na upepo Nairobi. Mara nyingi yanaanguka kwa jirani yakiwa bado yameshikana na pao zake, zile mbao zinazokatiza chini ya bati. Skrubu zilifanya kazi yake. Kilichoachia kiko chini yake. Ndiyo maana huona mwenye nyumba anayeongeza skrubu bila kugusa kitu kingine anahamisha udhaifu tu.

Chukua nyumba ya kupangisha ya paa la mteremko mmoja, upana mita 4, makombamoyo yanayofuata mteremko kila mita 1.2, pao juu yake kila sentimita 90. Tuseme upepo unaotangulia mvua unafika mita 30 kwa sekunde. Ukingoni mwa paa, mlango ukiwa wazi upande wa upepo, mvuto wa juu pamoja na msukumo wa ndani unaweza kufika kilo 80 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 halizidi kilo 3 kwa eneo hilo. Sasa tairi kuukuu la kilo 8 juu ya paa litasaidia nini?

Ukifunga skrubu kila mgongo wa pili wa bati, kila moja inabeba kama kilo 11. Ukiruka hadi mgongo wa tano, ni kilo 27, na bati jembamba linaweza kuanza kuchanika kuzunguka kichwa cha skrubu. Kwa hiyo funga mgongo wa pili ukingoni na wa tatu katikati, basi.

Lakini pale upao unapokutana na kombamoyo, kiungo kimoja kinabeba kilo 86, na fundi amepiga msumari mmoja wa inchi 4 kutoka juu. Upepo unauvuta kwa njia ileile ulioingilia. Kama mbao zilikuwa mbichi, zikikauka zinaulegeza zaidi. Pitisha ukanda wa chuma juu ya upao, uushushe pande zote mbili za kombamoyo, kisha upigilie ubavuni: hapo misumari inavutwa kwa ubavu, haichomolewi.

Nusu ya kombamoyo nayo, pamoja na upenu wa nusu mita, inafikisha kwenye ukuta wa upande wake kilo 240. Ondoa kilo 30 za uzito wa paa lenyewe, zinabaki 210. Ukanda uliofunga kombamoyo na mtambaapanya, ubao unaolala juu ya ukuta, ukaishia hapo unaacha vyote viwili ving'oke pamoja. Lazima ushuke ndani ya ukuta. Kozi moja ya mawe ya inchi 6 kwa 9, kwa urefu wa mita 1.2, ina uzito wa takriban kilo 80, kwa hiyo kozi tatu zinafikia 240, akiba ya kilo 30 tu. Mimi husema nne, na ncha ya ukanda ikunjwe chini ya jiwe wakati ukuta unajengwa. Ukuta ukishamalizika, kuipata nafasi hiyo tena ni kubomoa.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, panda ngazi ndani, pembeni kabisa, uangalie chini ya mtambaapanya. Ukiona mwanga au ufa mwembamba kati yake na jiwe la juu, huenda paa limeshaanza kuinuka.