Afro kwenye ukuta mweupe: chaneli au Select and Mask?

Mbunifu aliyejifunza Photoshop zamani atakuambia nywele hukatwa kutoka kwenye mandhari yake kwa chaneli, yaani zile picha tatu za kijivu za nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha nzima, na mengine yote ni mchezo. Aliyeanza baada ya 2016, mwaka ambao Select and Mask, zana inayokadiria ukingo yenyewe, iliingia kwenye programu hiyo, ataona chaneli ni kujitesa bure. Mimi niko zaidi upande wa wazee wa chaneli, lakini naona pande zote mbili zinabishania nusu ya kazi. Wanabishana kuhusu maski, ile ramani inayosema kila pikseli ionekane kwa kiasi gani. Ule utando mweupe unaozunguka kichwa baada ya picha kuhamishiwa kwenye mandhari mpya, mara nyingi hautoki kwenye maski. Unatoka kwenye rangi.

Tuchukue kazi ya kila siku. Saluni inataka bango la mafuta ya nywele. Mwanamke mwenye afro ya asili amepigwa picha mbele ya karatasi ya kijivu inayokaribia weupe, na bango lenyewe ni la rangi ya damu ya mzee iliyokolea. Hapa nywele ndizo bidhaa, kwa hiyo huwezi kuzikata kwa Pen Tool ukaziacha duara kama kofia ya pikipiki.

Tuseme weusi wa nywele unasomeka 30 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na karatasi inasomeka 235. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli, hivyo pikseli za ukingoni hazina nywele tupu wala karatasi tupu. Zina mchanganyiko. Pikseli ambayo nusu yake ni unywele itakuwa, kwa hesabu nyepesi, nusu ya 30 na nusu ya 235, yaani 132. Sasa chukua maski iliyo sahihi kabisa, inayosema pikseli hiyo ionekane kwa asilimia 50, uibandike kwenye mandhari yenye thamani ya 40. Utapata nusu ya 132 na nusu ya 40, yaani 86. Jibu la kweli lilipaswa kuwa nusu ya 30 na nusu ya 40, yaani 35. Maski haikukosea hata chembe, na bado ukingo umeng'aa. Ile 132 ilikuja na karatasi ndani yake, na maski haina uwezo wa kuitoa.

Basi kazi ni mbili: kujua kila pikseli imefunikwa na nywele kwa kiasi gani, na kujua rangi ya nywele pekee ilikuwa ipi kabla ya kuchanganyika na karatasi. Wataalamu wa michoro ya kompyuta Alvy Ray Smith na James Blinn walilieleza jambo hili kihesabu mwaka 1996, walipoandika kuhusu kukata picha zilizopigwa mbele ya kitambaa cha bluu. Hata ukiijua rangi ya nyuma, pikseli moja inakupa namba tatu huku usichokijua ni namba nne: nyekundu, kijani na bluu ya kitu chenyewe, pamoja na kiasi cha kufunikwa. Walionyesha kwamba ukikipiga kitu kilekile mbele ya rangi mbili tofauti, fumbo linafunguka. Mteja wa saluni hakuletei picha mbili, kwa hiyo lazima ukisie kitu fulani. Njia hizi mbili zinatofautiana katika kile zinachokisia.

Chaneli inakisia kwamba nywele zina rangi moja na karatasi ina rangi moja. Kwa nywele nyeusi mbele ya karatasi nyeupe, dhana hiyo iko karibu mno na ukweli, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Fungua paneli ya Channels, tazama chaneli moja moja, chagua yenye tofauti kubwa kati ya nywele na karatasi. Mara nyingi ni Blue, kwa sababu ngozi nayo huonekana nyeusi zaidi humo, hivyo sikio na shingo vinajitenga na karatasi. Inakili. Fungua Info, pitisha kishale kwenye karatasi iliyo jirani na nywele, kisha ndani ya afro, usome namba zenyewe. Fungua Levels, weka 30 upande wa weusi na 235 upande wa weupe, kisha geuza kwa Ctrl+I. Hapo umekokotoa kiasi cha kufunikwa kwa kila pikseli. Ile 132 imekuwa nusu, kama inavyotakiwa. Uso na nguo zijaze nyeupe kwa brashi, ukikaa mbali na ukingo.

Wengi huharibu hapa. Wanafundishwa waivute Levels mpaka picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, kwa kuwa maski "safi" inapendeza machoni. Weka 90 na 190 uone kinachotokea. Pikseli iliyofunikwa kwa asilimia 20 ilikuwa na thamani ya 194. Sasa imevuka kikomo na kufutika. Iliyofunikwa kwa asilimia 80 ilikuwa 71. Sasa imekuwa nzima. Vinywele vyembamba vimekufa na vinene vimenenepa. Kama mandharinyuma yana madoa ya kijivu, yasafishe kwa brashi nyeusi yenye hali ya Overlay na nguvu ndogo, palepale penye doa.

Kuna sababu nyingine ya vinywele kukonda hata ukiziweka namba vizuri. Kamera huchanganya mwanga, na namba za skrini hazipandi sambamba na mwanga. Kwenye picha halisi, pikseli iliyofunikwa nusu husomeka karibu zaidi na 170 kuliko 132. Dawa yake ni kile kitelezi cha katikati cha Levels. Kishushe kutoka 1.00 hadi 0.80 au chini zaidi kabla ya kugeuza, huku ukilinganisha unene wa vinywele na picha ya awali.

Kisha rangi. Pakia chaneli kama uteuzi, iwe maski ya leya. Juu yake weka leya tupu, ibane kwa Ctrl+Alt+G, ipe hali ya Darken. Chukua rangi kutoka ndani ya afro, upake ukingoni. Kwa kuwa ni Darken, palipo peusi zaidi hapaguswi; ile 132 inarudi 30, na kwenye bango inatoka 35. Utando umeondoka bila kupunguza unywele hata mmoja. Wale wanaoingiza maski ndani pikseli mbili tatu ili kuuficha utando wanalipa kwa nywele zilezile walizotaka kuziokoa.

Sasa upande wa pili, maana dhana ya rangi moja huvunjika upesi. Taa ya nyuma inayong'arisha pembe za afro huzipa nywele 180 au 200, na chaneli inazisoma kama karatasi; utaona matundu palipopaswa kuwa na mng'ao. Mvi vivyo hivyo. Nywele zilizotiwa rangi ya dhahabu mbele ya ukuta wa krimu hazitenganishiki kwa chaneli yoyote. Na picha iliyopigwa uani, nyuma yake majani, gari na kamba ya nguo, haina namba moja ya kuiita mandharinyuma.

Select and Mask haihitaji namba moja. Ukipitisha Refine Edge Brush ukingoni, unaiambia programu kwamba eneo hilo halijulikani, itazame nywele za hakika upande huu na mandhari ya hakika upande ule, ikadirie katikati. Inafanya hivyo kila mahali upya, kwa hiyo karatasi iliyofifia kutoka 235 juu hadi 190 begani haiisumbui, wakati mtu wa chaneli itabidi agawe kichwa vipande na kutengeneza Levels zaidi ya moja. Kwa picha ya uani siwezi kumshauri mtu aanze na chaneli. Hata shela la bibi harusi, jeupe mbele ya ukuta mweupe, chaneli hailiwezi. Ingawa hapo na Select and Mask nayo hubabaika.

Udhaifu wake huonekana hasa kwenye nywele za kipilipili. Nywele ndefu zilizonyooka zina mwelekeo. Za kwetu zimejikunja, na kati ya kila mkunjo kuna kitundu kidogo cha karatasi. Makadirio hayo hupenda kulainisha vitundu hivyo, na ukingo unatoka kama moshi. Utautambua moshi huo kwa kuweka leya ya rangi nyekundu chini yake na kutazama kwa asilimia 100: mkunjo wa kweli una umbo, moshi hauna.

Kuhusu rangi, inayo Decontaminate Colors, na lazima nikubali kwamba inaligusa tatizo ambalo watu wengi wa chaneli wanalipuuza kabisa. Inaitoa rangi ya karatasi kwenye pikseli za ukingoni na kuweka rangi ya pikseli nzima zilizo karibu. Shida ni neno "karibu". Kwenye paji la uso, kilicho karibu na vinywele ni ngozi, basi vinywele vinapata wekundu wa ngozi. Kando ya hereni vinapata dhahabu. Tena inabadilisha pikseli zenyewe, ndiyo maana hulazimisha matokeo yaende kwenye leya mpya. Kesho ukitaka kuipanua maski utakuta michirizi ya ajabu imejificha nyuma yake.

Kwa hiyo kwa bango hili la saluni ningechukua maski ya chaneli na kupaka rangi kwa mkono, na kwa picha ya uani ningechukua maski ya Select and Mask huku Decontaminate Colors ikiwa imezimwa, kisha nipake rangi kwa mkono vilevile. Hatua ya pili haibadiliki. Kama bango lingekuwa na mandhari meupe au ya manjano, hata maski ningepunguza kazi yake: leya ya nywele katika hali ya Multiply, karatasi ikisukumwa hadi 255 kwa Levels, na nakala ya kawaida ya uso na kiini cha afro juu yake. Multiply haiachi utando, lakini haijui kung'arisha, na kwenye damu ya mzee iliyokolea ingezizamisha nywele zote gizani.

Kabla ya yote hayo, uliza picha ilifikaje. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imeshabanwa, na ubanaji wa JPEG huchafua rangi kuliko mwangaza. Blue niliyoisifu juu inakuwa na vizuizi vya mraba kuzunguka kila unywele, na Green ndiyo inayosalia na nafuu. Mwombe mteja aitume upya kama faili. Na kama mpiga picha aliimulika karatasi kupita kiasi hadi 255 kila mahali, mwanga umeshavila vinywele vyembamba ndani ya kamera, na hakuna maski itakayovirudisha. Hivyo huchorwa, kwa brashi ya pikseli moja au mbili, vikifuata mkunjo wa vile vilivyosalia.