Ugomvi wa langoni huanzia kwenye tangazo la kwanza

Matangazo mengi ya matamasha madogo hapa Nairobi huandikwa kinyumenyume. Bango hutoka kwanza, bei hubuniwa baadaye, halafu masharti ya kuingia hubandikwa Ijumaa jioni wakati watu wameshalipa. Mimi ningeanza na masharti. Ukishajua mtu ataingiaje, tangazo la kwanza linajiandika lenyewe.

Tuchukue ukumbi wa watu 200, shoo ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Toa nafasi 20 za wageni wa bendi, zinabaki 180 za kuuza. Tiketi 50 za kwanza ziwe shilingi 700, zinazofuata 1,000, na langoni 1,300. Bei zote tatu zitajwe siku ya kwanza, hasa ile ya langoni, kwa sababu ndiyo inayompa mtu sababu ya kulipa mapema. Na bei ya mapema ifungwe kwa idadi, isifungwe kwa tarehe. Mapromota wengi huifunga tarehe 20, siku ambazo wanaoishi kwa mshahara wamebaki na nauli tu. Mshahara ukiingia, bei nafuu imeshapita, nao wanaamua kungoja hadi siku yenyewe.

Katikati ya mauzo sina mengi ya kusema. Taja tiketi zilizobaki kwa idadi ya kweli: "Zile 50 zimeisha, sasa ni 1,000." Ukisema "zimebaki chache" kila siku kwa wiki mbili, hakuna atakayekuamini siku zitakapobaki chache kweli.

Wito wa mwisho ndipo wengi hupoteza ujasiri. Ni Alhamisi, zimeuzwa 90, tumbo linaunguruma, na promota anatangaza mbili kwa bei ya moja. Kumbuka wanunuzi wa Nairobi wengi hulipa siku mbili tatu za mwisho, kwa hiyo 90 Alhamisi si msiba. Ila ukishapunguza bei, aliyelipa 1,000 wiki jana anajiona mjinga, na shoo ijayo naye atangoja Alhamisi. Afadhali uwape rafiki za bendi viti vilivyobaki kimyakimya kuliko kutangaza punguzo.

Sasa lango, palipo na kazi. Waandalizi wadogo huuza kwa namba ya tili ya M-Pesa, bila mfumo wa tiketi, kwa hiyo ujumbe wa malipo ndio tiketi. Hapo ndipo foleni hukwama. Mtu mmoja amelipa 4,000 kwa watu wanne. Yeye bado yuko kwenye matatu Waiyaki Way, wenzake watatu wamefika, na kila mmoja ana picha ya ujumbe uleule. Mlinzi afanyeje? Akiwaruhusu wote, hajui kama picha hiyo imetumwa kwa wengine kumi. Akiwazuia, amewafukuza watu waliolipa.

Dawa yake ni sentensi moja kwenye tangazo la kwanza: "Ukilipia zaidi ya mtu mmoja, tutumie majina yao." Halafu unatengeneza orodha: namba ya muamala, ambayo huwa na herufi na tarakimu 10, idadi ya watu, na majina. Langoni mtu anataja jina na herufi nne za mwisho za ile namba, anatiwa alama kwenye orodha, anapigwa mhuri mkononi. Picha ikija mara ya pili, orodha inaonyesha jina hilo limeshaingia. Na orodha itokane na taarifa ya tili yako, kamwe si simu ya mteja. Ujumbe wa malipo hughushiwa kwa kubadilisha tarehe au kiasi tu, na gizani hakuna mlinzi atakayeona.

Anayelipa langoni naye apewe foleni yake, la sivyo waliolipa mapema watasimama nyuma ya mtu anayehangaika na PIN.

Tangazo la Jumamosi asubuhi liwe fupi:

"Leo. Lango linafunguliwa saa 12 jioni, bendi inapanda saa 2 kamili, tunamaliza saa 5. Mtandaoni tunafunga saa 9 alasiri. Baada ya hapo ni 1,300 langoni kama nafasi zipo. Miaka 18 na zaidi, njoo na kitambulisho. Ukitoka kabla ya saa 4, onyesha mhuri urudi. Baada ya hapo hakuna kurudi. Tiketi hairudishiwi pesa, ila unaweza kumpa mwenzio: tutumie jina lake kabla ya saa 9."

Ile saa 9 ina sababu. Orodha inahitaji kuchapishwa nakala mbili, maana simu ya mlangoni huzima chaji na mtandao hulemewa watu wakijaa, na anayeichapisha lazima avuke mji Jumamosi jioni akiwa nayo mkononi.